Kufuli Lenye Mwenyewe

Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Haikupita muda mrefu kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe, na kila ilipofanya hivyo kazi zilizobaki za siku zilikatika. Vifaa vyote vilikuwa vizima. Tatizo lilikuwa kufuli moja ndani ya programu.

Kompyuta ile iliendesha kazi nyingi kwa zamu, kila kazi ikiwa na cheo chake. Kukusanya takwimu za hali ya hewa ilikuwa kazi ya cheo cha chini. Kusambaza data ndani ya chombo ilikuwa ya cheo cha juu. Zote mbili zilihitaji kufuli lilelile. Kazi ya hali ya hewa ikilishika, ile kubwa husubiri, na kwa kawaida haisubiri sana. Lakini mara nyingine katikati ya kusubiri huko ziliamka kazi za cheo cha kati, zisizo na haja yoyote na kufuli. Kwa kuwa zilikuwa na cheo kuliko kazi ya hali ya hewa, ziliinyang'anya zamu. Bila zamu haikuweza kumaliza, na bila kumaliza haikuweza kuachia kufuli. Kazi ya cheo cha juu ikawa inazuiwa na za kati. Mfumo ulipokagua na kukuta kazi hiyo haijakamilika kwa wakati, uliamuru kompyuta ianze upya.

Wahandisi waliizalisha hitilafu hiyo Duniani kwenye nakala ya mfumo, kisha wakatuma badiliko dogo: kuwasha urithi wa cheo katika mfumo endeshi wa VxWorks. Anayeshika kufuli sasa huazimwa cheo cha mkubwa anayemsubiri, mpaka aliachie. Kompyuta ikatulia.

Dawa hiyo iliwezekana kwa sababu kufuli lile lilikuwa muteksi, na muteksi ina mwenyewe. Mfumo unajua ni uzi upi, yaani mkondo upi wa kazi ndani ya programu, umeishika, kwa hiyo unajua nani wa kuazimwa cheo. Aliyefunga ndiye anayefungua. Katika Java, uzi mwingine ukijaribu kufungua `ReentrantLock` usiyoishika, unapata `IllegalMonitorStateException` papo hapo.

Semafori haina mwenyewe. Edsger Dijkstra wa Uholanzi aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960, nayo ni hesabu isiyoshuka chini ya sifuri. Anayeingia hupunguza moja. Akikuta sifuri, husubiri. Kuongeza moja kunaruhusiwa kwa yeyote. Ndiyo maana inafaa sana pale programu ina miunganisho 10 tu ya hifadhidata na wanaoitaka ni wengi: anza na 10, wa 11 atasubiri. Inafaa pia uzi mmoja unapotaka kumjulisha mwingine kwamba kazi imefika.

Hatari huja watu wanapoianzisha na 1 wakaitumia kama muteksi. Itafanya kazi, hadi siku njia ya kushughulikia makosa itakapoiachia mara mbili. Hesabu inakuwa 2, na hakuna anayelalamika. Tangu hapo nyuzi mbili zaweza kusoma salio la 10,000 kwa pamoja, kila moja ikatoa 3,000, na zote zikaandika 7,000 badala ya 4,000. Ukiona hesabu inapotea wakati wa msongamano tu, na ukiijaribu peke yako iko sawa, kagua kwanza mahali semafori inapoachiwa.

Monita, ambayo Per Brinch Hansen na Tony Hoare waliifafanua miaka ya 1973 na 1974, hufunga data na kufuli lake pamoja, kisha huongeza jambo ambalo muteksi pekee haina: kusubiri mpaka data ifikie hali fulani. Tuseme anayetoa pesa anapaswa kungoja salio litoshe:

```java
synchronized void toa(int kiasi)
        throws InterruptedException {
    while (salio < kiasi) wait();
    salio -= kiasi;
}
synchronized void weka(int kiasi) {
    salio += kiasi;
    notifyAll();
}
```

`wait()` huachia kufuli wakati wa kusubiri. Isingeachia, anayeweka asingeweza kuingia kamwe. Tazama pia `while`. Wengi huandika `if`, na hilo ni kosa. Wawili wakingojea 5,000 kila mmoja na ikawekwa 5,000, wote wataamshwa. Wa kwanza anachukua, na wa pili akiendelea bila kukagua tena, salio linakuwa hasi.

Kwa hiyo kulinda data kwa muda mfupi, chukua muteksi. Kugawa nafasi zenye idadi au kupeana ishara, semafori. Kungoja hali ya data, monita. Ila usipige simu ya mtandao ndani ya `toa`. Seva ya upande wa pili ikichelewa sekunde 30, kila anayetaka kuweka pesa naye anangoja sekunde 30.