Mwenzako kazini anauguza: umwandikie nini, na lini?

Msikilizaji wetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alituletea swali ambalo wengi mmewahi kukutana nalo. Mwalimu mwenzake ameomba ruhusa kazini kwa sababu mama yake mzazi amepimwa na kukutwa na saratani ya mlango wa kizazi. Msikilizaji anasema ameshika simu mara tatu, akaandika, akafuta. Anaogopa kusema neno baya, na anaogopa kunyamaza pia.

Tumelichukua swali hilo kama lilivyo. Tuseme mwalimu huyo na mama yake wanatoka Mbinga, mkoani Ruvuma, na wamepewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tuone ujumbe wa kwanza uweje, kwa nini uwe hivyo, na kwa nini ujumbe wa pili una uzito kuliko wa kwanza.

Kwanza jiulize: nani atausoma?

Kwenye nyumba nyingi za kwetu simu haina mtu mmoja. Mtoto anaichezea, shangazi anaipokea, na mgonjwa mwenyewe anaiomba ili aongee na ndugu zake. Mtu akiwa anauguza, simu yake inalala pembeni ya kitanda cha mgonjwa.

Sasa fikiria ujumbe unaosema, "Pole, nimesikia mama ana saratani." Huenda familia bado haijamwambia mama jina la ugonjwa. Huenda wanasubiri kaka mkubwa afike, au wanasubiri daktari aeleze mwenyewe. Mama anamwomba mjukuu amsomee ujumbe ulioingia, na mtoto anasoma neno kwa neno. Habari ambayo familia ilipanga kuisema taratibu inakuwa imetoka kwa mtu wa kazini.

Kwa hiyo kwenye ujumbe wa kwanza usitaje jina la ugonjwa. Sema "habari za mama" au "kuuguliwa". Mwenzako ataelewa bila kutajiwa. Ujumbe wa sauti una hatari zaidi, kwa sababu ukifunguliwa wodini kila aliye karibu anasikia. Na habari yenyewe usiipeleke kwenye kundi la simu la wafanyakazi mpaka mwenye mgonjwa aseme inaweza kwenda huko.

Ujumbe wa kwanza

Huu hapa ni ujumbe ambao msikilizaji wetu angeweza kuutuma:

"Mwalimu, habari za mama nimezisikia kwa mwalimu mkuu. Pole sana kwa kuuguliwa. Hisabati yako ya darasa la sita nafundisha mimi mpaka Ijumaa. Usijisumbue kujibu."

Tuutazame kipande kwa kipande.

"Nimezisikia kwa mwalimu mkuu." Mtu aliyepata habari nzito huwa anajiuliza nani anajua na nani hajui. Ukimwambia ulikosikia, unamwondolea wasiwasi huo. Kama umesikia kwa watu wa mtaani na si kwa njia ya wazi, usijifanye unajua. Andika tu, "Nimeona haupo kazini, natumaini nyumbani ni salama," umwachie yeye aseme au asiseme.

"Pole sana kwa kuuguliwa." Lugha yetu ina neno lake kwa jambo hili. Anayeuguliwa ana mgonjwa aliye hai. Wapo watu ambao kwa mshtuko huandika "pole kwa msiba huu" au "Mungu awape nguvu familia katika kipindi hiki kigumu", maneno tuliyozoea kuyasikia kwenye matangazo ya vifo. Mwenye mgonjwa akiyasoma anaona umeshamzika mama yake.

"Hisabati yako nafundisha mimi mpaka Ijumaa." Hiki ndicho kiini cha ujumbe. Wengi tunaandika, "Ukihitaji chochote niambie." Nia ni njema, lakini umempa kazi. Inabidi afikirie anahitaji nini, apime kama unakiweza, kisha ashinde aibu ya kuomba. Wengi hawaombi. Wewe uliye karibu na kazi yake unaona pengo lilipo: vipindi vyake, zamu yake ya wiki, daftari za kusahihisha. Chagua kimoja, sema utakifanya, na uweke mwisho wake. "Mpaka Ijumaa" ni ahadi unayoweza kuitimiza. "Daima nipo nawe" huwezi kuitimiza, na ahadi ikivunjika wakati wa ugonjwa huumiza kuliko kama isingetolewa.

"Usijisumbue kujibu." Siku hizo simu yake inaingiza ujumbe mwingi, na kila mmoja unadai "asante". Mpunguzie deni hilo.

Ujumbe huo una herufi 160 ukihesabu na nafasi, na ndicho kipimo cha ujumbe mmoja wa kawaida wa simu. Ukiongeza vikatuni vya nyuso au mikono, kipimo kinashuka hadi herufi 70, ujumbe unakatwa vipande, na kwenye simu nyingi za vitobo vikatuni hivyo huonekana kama visanduku vitupu. Maneno matupu yanatosha.

Maneno ya kuacha

"Imefika hatua ya ngapi?" Siku za mwanzo familia yenyewe huwa haijui. Kipimo cha kinyama kidogo kinachochukuliwa mwilini huonyesha kwamba ni saratani. Kujua imeenea kiasi gani, kuanzia hatua ya kwanza hadi ya nne, kunahitaji daktari amchunguze tena mgonjwa na kwa kawaida apige picha za ndani ya mwili. Ukiuliza mapema unamsukuma mwenzako kwenye swali linalomnyima usingizi.

"Shangazi yangu naye alikuwa nayo, hakufika mwaka." Mtu husema hivi akitaka kuonyesha kwamba anaelewa. Lakini ugonjwa wa shangazi yako huenda uligunduliwa katika hatua nyingine. Saratani ya mlango wa kizazi ikigunduliwa mapema inaweza kutibiwa ikapona. Ikiwa imeenea sana, matibabu hulenga zaidi kupunguza maumivu na kurefusha maisha. Mama wa mwenzako yuko wapi kati ya hapo, wewe hujui. Usitabiri kifo, na usitabiri kupona. "Atapona tu, usiogope" nayo inamfunga mdomo, kwa sababu akiwa na hofu hawezi tena kukwambia.

"Kuna mzee ana dawa, acheni hizo za hospitali." Hapa hasara ni kubwa. Wiki zinazopotea kwenye dawa zisizojulikana ni wiki ambazo ugonjwa unaendelea kukua, na mgonjwa anaweza kufika hospitali wakati nafasi ya kupona imepungua.

"Si mngempeleka mapema?" Hakuna anayeweza kurudisha siku nyuma. Hilo halihitaji maelezo.

Na dua? Kama mnajuana kwa dini, "tunamwombea mama" ni neno zuri na hupokelewa vizuri. Linaloumiza ni kumweleza kwa nini Mungu ameruhusu ugonjwa huo.

Ujumbe wa pili: wiki ya tatu

Wiki ya kwanza simu haitulii. Wiki ya tatu inakuwa kimya. Watu wamesharudi kwenye mashamba na kazi zao, wakiamini walishatoa pole. Kumbe huo ndio wakati mgumu kwa anayeuguza.

Sababu iko kwenye matibabu yenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi ambayo haiwezi kuondolewa kwa upasuaji, lakini bado inalengwa kuponywa, mara nyingi hutibiwa kwa mionzi. Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki tano hivi, mara nyingi pamoja na dawa ya dripu mara moja kwa wiki, kisha kuna mionzi ya ndani. Kila kipindi cha mionzi ni cha dakika chache tu, lakini kinarudi kila siku ya kazi. Mtu wa Mbinga hawezi kwenda na kurudi. Mama na mwanawe wanakaa Dar es Salaam, pengine kwa ndugu mwenye chumba kidogo, wakipanda daladala kila asubuhi. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu wagonjwa wengi huanza kuchoka sana na kuharisha. Fedha ya safari imeisha, na aliyeacha nyumba hajui huko nyuma kunaendeleaje.

Huo ndio wakati wa kuandika hivi:

"Mwalimu, nimepita kwenu jana. Watoto wazima, wanakwenda shule. Mbuzi wapo wote. Kahawa ya juu imeiva, Jumamosi tunachuma na kaka yako. Msalimie mama."

Angalia kwamba ujumbe huu hauulizi chochote kuhusu ugonjwa. Unamletea habari ambayo hawezi kuipata akiwa huko, na unamwonyesha kazi iliyokwishafanyika. Kabla ya kuutuma, kweli pita nyumbani kwake. Habari ya kubuni atakuja kuijua.

Kama mnataka kuchangia fedha, mchague mtu mmoja azikusanye na azitume mara moja, pamoja na fedha ya kutolea, ili kiasi mlichokusudia kimfikie chote. Hakikisheni jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Ujumbe wa kumjulisha uwe mfupi: "Hii ni kutoka kwa sisi walimu, ya nauli na chakula. Si mkopo." Neno "si mkopo" lisikosekane, maana bila hilo mtu huanza kuhesabu atairudishaje. Na mkiona ujumbe kutoka namba ngeni ukiomba michango kwa jina lake, mpigieni kwanza yeye au ndugu yake.

Asipojibu, au akijibu

Asipojibu, usichukue kwamba amekasirika. Usipige simu mfululizo. Pengine yupo kwenye foleni au mama amelala. Subiri wiki moja, kisha tuma habari nyingine ya nyumbani.

Akijibu "asante" tu, inatosha. Akijibu kwa maneno mengi, hasa usiku, ujue anataka mtu wa kumsikiliza. Hapo andika, "Nikupigie sasa?" Akikubali, piga wewe ili muda wa maongezi utoke kwako, kisha mwache aseme. Akinyamaza katikati, usikimbilie kulijaza pengo kwa ushauri. "Nakusikia, mwalimu" linatosha mpaka aendelee.

Na siku atakayorudi kazini, mpe daftari la vipindi likionyesha mlipofika. Swali la mama mwulize mkiwa wawili, pembeni, si mbele ya ofisi nzima.