Chupa Nne Zisizo na Lebo na Saa ya Ukutani

Fomula C4H10O inabeba alkoholi nne tofauti: butan-1-oli, 2-methilipropan-1-oli, butan-2-oli na 2-methilipropan-2-oli. Zote hazina rangi, na molekuli zake zina uzito uleule. Lebo zikibanduka kabatini, macho hayasaidii kitu. Pua nayo husaidia kidogo tu, tena kunusa kemikali usiyoijua si tabia ya kuendekezwa.

Mwaka 1930, mkemia Howard Lucas wa Taasisi ya Teknolojia ya California, mjini Pasadena, alichapisha njia ya kuzipambanua kwa kutumia vitu viwili vinavyopatikana katika maabara nyingi, kloridi ya zinki na asidi hidrokloriki. Ndiyo hiyo inayofundishwa hadi leo kwa jina la jaribio la Lucas. Wanafunzi wengi huikariri kwa mistari mitatu: ya kwanza haibadiliki, ya pili huchukua dakika kadhaa, ya tatu papo hapo. Mistari hiyo ni kweli, lakini ina masharti, na aliyeikariri bila masharti yake atadanganywa na neli yake mwenyewe siku moja.

Tuanze na madaraja. Kila alkoholi ina kundi la OH, yaani oksijeni na hidrojeni, lililoshikana na atomu ya kaboni. Itazame kaboni hiyohiyo, kisha hesabu ni kaboni ngapi nyingine zimeungana nayo moja kwa moja. Ikiwa ni moja, alkoholi hiyo ni ya daraja la kwanza. Zikiwa mbili, ni ya daraja la pili. Zikiwa tatu, ni ya daraja la tatu. Katika zile nne zetu, 2-methilipropan-1-oli ndiyo huwapoteza watu. Molekuli yake ina tawi, na mtu akiliona tawi hukimbilia kusema daraja la pili au la tatu. Tawi hilo liko kwenye kaboni ya jirani. Kaboni yenye OH imeungana na kaboni moja tu, kwa hiyo ni daraja la kwanza sawa na butan-1-oli.

Kitendanishi chenyewe hutengenezwa kwa kuyeyusha kloridi ya zinki isiyo na maji ndani ya asidi hidrokloriki kali, kwa uwiano wa moli moja kwa moja. Gramu 68 za kloridi ya zinki huingia katika mililita 45 hivi za asidi. Mchanganyiko huo hupata joto jingi, na asidi ikipata joto hutoa mvuke wa kloridi ya hidrojeni unaochoma koo na macho. Ndiyo maana chombo hukaa ndani ya beseni la barafu, unga huongezwa kidogo kidogo, na kazi yote hufanyika kwenye kabati la kutolea mvuke, mikono ikiwa na glovu na macho yakiwa na miwani ya kinga. Kupoza kuna faida ya pili: mvuke ukitoroka, asidi inapungua nguvu na jaribio linachelewa.

Sasa chukua neli nne za majaribio, safi na kavu. Katika kila moja tia mililita 3 za kitendanishi, kisha nusu mililita ya alkoholi. Ziba kwa kizibo, tikisa vizuri, simamisha neli kwenye kishikio na utazame saa. Mwanzoni alkoholi zote nne huyeyuka na majimaji huwa maangavu. Uangavu huu wa mwanzo ni wa lazima, kwa sababu tunangoja uondoke.

Neli yenye 2-methilipropan-2-oli, ile ya daraja la tatu, haikupi nafasi ya kungoja. Karibu mara tu baada ya kutikisa, majimaji hugeuka kuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele, na punde tabaka jembamba la mafuta hujitenga na kuelea juu. Butan-2-oli hukaa kimya kwanza. Kati ya dakika tatu na kumi, mara nyingi kwenye ya tano hivi, ukungu huanza kuonekana, hafifu kiasi kwamba ni vizuri kuweka karatasi yenye maandishi nyuma ya neli ili uone herufi zinapoanza kufifia. Neli mbili za daraja la kwanza hubaki angavu. Pengine hukolea rangi kidogo, lakini ukungu hautokei hata ukiziacha kwa muda mrefu katika joto la kawaida la chumba.

Ule ukungu ni nini? Alkoholi imepoteza OH yake na kuchukua klorini mahali pake. Kilichozaliwa ni kloridi ya alkili, kitu cha jamii ya mafuta kisichopatana na maji wala asidi. Alkoholi iliyeyuka kwa sababu OH yake iliweza kushikana na asidi; kloridi haina mshiko huo, hivyo hujikusanya katika vitone vidogo mno vinavyotawanya mwanga. Vitone vikiungana, ndipo tabaka huonekana. Kitendanishi ni kizito zaidi, kwa hiyo kloridi hupanda juu.

Swali lenye uzito ni kwa nini moja ikimbie na nyingine igome. OH haipendi kuachana na kaboni. Zinki huja kuishika oksijeni, nayo asidi huipatia hidrojeni, na kwa msaada huo oksijeni huwa tayari kuondoka. Ikiondoka peke yake, inaiacha kaboni na chaji chanya, na kaboni ni maskini wa kubeba chaji hiyo. Lakini ikiwa imezungukwa na kaboni tatu, majirani hao humsogezea sehemu ya elektroni zao na kumpunguzia mzigo. Chaji inavumilika, oksijeni inatoka haraka, na kloridi iliyojaa kwenye majimaji inaingia mara moja. Kwenye daraja la pili majirani ni wawili, msaada ni mdogo, na oksijeni hutoka kwa kusitasita. Kwenye daraja la kwanza jirani ni mmoja tu. Chaji haibebeki, na njia pekee iliyobaki ni kloridi kuisukuma oksijeni kutoka upande wa nyuma. Kloridi iliyo ndani ya maji imezingirwa na molekuli za maji na haina nguvu za kutosha kwa kazi hiyo, mpaka uichochee kwa joto.

Hapo ndipo sharti la kwanza linapotoka. Joto huiharakisha menyuko hii sana, na jaribio lilipangwa kwa chumba chenye nyuzi 26 au 27 za Selsiasi. Maabara ya Dar es Salaam mchana wa Februari inaweza kupita nyuzi 30, na butan-2-oli ikaharakisha hadi mtu akaanza kuifikiria daraja la tatu. Njombe asubuhi ya Juni, alkoholi hiyohiyo itachelewa, na mwanafunzi asiye na subira ataiandika daraja la kwanza. Huko Njombe utakutana pia na kioja kingine: 2-methilipropan-2-oli huganda kwenye nyuzi 25 hivi, kwa hiyo utaikuta imekuwa fuwele ndani ya chupa. Chupa ikisimamishwa kwenye maji ya vuguvugu inayeyuka. Dawa ya yote haya ni kuweka neli kwenye bika ya maji yenye kipimajoto, na kufanya jaribio sambamba na alkoholi unayoijua. Dakika za kitabu ni za chumba cha aliyekiandika. Neli ya kulinganishia iko mezani kwako.

Sharti la pili ni ule uangavu wa mwanzo. Alkoholi zenye kaboni zaidi ya sita hivi haziyeyuki vizuri katika kitendanishi. Ukitia oktan-1-oli, utaona tabaka juu tangu sekunde ya kwanza, na tabaka hilo ni alkoholi yenyewe ambayo haijafanya lolote. Mtu mwenye haraka ataandika daraja la tatu. Kwa alkoholi kubwa jaribio hili halifai, basi.

Kitendanishi kibovu huleta udanganyifu wa kinyume. Kloridi ya zinki hunyonya unyevu wa hewa kwa pupa, na chupa iliyoachwa wazi ukanda wa pwani haichukui muda kugeuka rojo. Maji yakizidi, hata daraja la pili hulala. Ukiona neli ya daraja la tatu unayoijua inachukua dakika badala ya sekunde, usiilaumu alkoholi. Mwaga kitendanishi kwenye chombo cha taka za zinki, si kwenye sinki, utengeneze kingine.

Wakati mwingine ukungu hutokea mapema kidogo na huwezi kuamua kati ya daraja la pili na la tatu. Rudia kwa neli mpya, safari hii nusu mililita ya alkoholi na mililita 3 za asidi hidrokloriki kali pekee, bila zinki. Daraja la tatu halihitaji msaada wa zinki. Litatengeneza tabaka vilevile. Daraja la pili litabaki angavu.

Kuna alkoholi mbili zinazovunja utaratibu kwa haki. Alkoholi ya benzili na alkoholi ya alili ni za daraja la kwanza ukihesabu kaboni, lakini hukimbia kama za daraja la tatu. Ya kwanza ina pete ya benzini jirani na kaboni yenye OH, ya pili ina kiungo maradufu, na vyote viwili huisambaza ile chaji chanya hadi ikawa nyepesi. Kwa hiyo, kwa uhakika kabisa, jaribio halipimi idadi ya majirani. Linapima urahisi wa kaboni kubeba chaji.

Tukirudi kwenye zile chupa nne, sasa mbili zimepata majina. Mbili zilizobaki angavu haziwezi kutenganishwa kwa njia hii hata ungengoja hadi jioni. Zichemshe kwa uangalifu, mbali na moto wa wazi, kwenye kifaa cha kukenekea: 2-methilipropan-1-oli hutoka kwenye nyuzi 108, butan-1-oli kwenye 118.

Nje ya maabara ya shule, swali la kawaida ni la spiriti na vitakasa mikono. Kisicho na jeli, kilichotengenezwa kwa propan-2-oli, ni daraja la pili na kitaleta ukungu baada ya dakika kadhaa, ingawa tabaka la juu huenda lisionekane kwa sababu kloridi yake huchemka kwenye nyuzi 36 na kutoroka. Ethanoli itabaki angavu. Methanoli, ambayo huua na kupofusha, nayo itabaki angavu vilevile, maana haina majirani kabisa wa kuisaidia. Jaribio la Lucas haliwezi kuitenga methanoli na ethanoli, kwa hiyo asiwepo mtu wa kulitumia kuamua kama pombe fulani ni salama kunywewa.