Kusini Imo Ndani ya Picha

Tuseme picha imepigwa Kizimkazi, ncha ya kusini ya Unguja, saa tatu usiku katikati ya Aprili. Simu ilielekezwa baharini, na mstari wa bahari unaonekana chini. Kusini hasa ni wapi kwenye picha hiyo?

Jibu linaanza na Salibu, msalaba mdogo wa nyota nne zinazong'aa, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Wakati huo angani kuna misalaba miwili. Ule ulio kulia na juu kidogo ni mkubwa zaidi, na jicho huuchagua kwanza. Huo ni wa uongo: nyota zake zimetoka katika makundinyota mawili tofauti, na anayeufuata hufika mbali na kusini. Salibu ya kweli imelalia kushoto. Nyota ya kichwani ina rangi ya chungwa, kuna nyota ya tano iliyofifia kati ya mguu na mkono wa kulia, na kushoto, chini zaidi, zipo nyota mbili kali zinazoielekea. Iliyo mbali zaidi na msalaba kati ya hizo mbili ni Rijili Kantori. Nyota hizo mbili ndizo ushahidi mkubwa. Msalaba wa uongo hauna jozi kama hiyo. Zikionekana kulia kwa msalaba uliosimama, basi picha imegeuzwa kama kwenye kioo.

Sasa rula. Pima kutoka kichwani hadi mguuni. Tuseme ni sentimita 2. Endeleza mstari huohuo kupita mguu kwa mara nne na nusu ya urefu huo, yaani sentimita 9. Utafika mahali pasipo na nyota kali, lakini anga lote la kusini huzunguka hapo. Kutoka hapo shuka wima hadi baharini: hapo ndipo kusini, kwa kosa la nyuzi chache tu.

Kipimo hiki kinaweza kuhakikiwa. Kitovu hicho cha mzunguko huwa juu ya upeo kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali. Kizimkazi iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, na Salibu nayo ina urefu wa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo alama yako inapaswa kuwa karibu sentimita 2 juu ya bahari. Ikiwa sentimita 5, ama msalaba si wenyewe, ama lenzi pana imevuta kingo za picha. Nairobi, iliyo karibu sana na ikweta, kitovu hicho hukaribia kugusa upeo.

Katikati ya Mei, saa ileile, Salibu husimama wima na rula haihitajiki sana: kusini iko chini yake moja kwa moja. Oktoba jioni haionekani kabisa. Anayeitaka mwishoni mwa mwaka aisubiri Desemba kabla ya alfajiri, upande wa kusini-mashariki.