Alama mbili za kujumlisha

Waliohudhuria karamu yetu ya kufunga muhula mwaka jana wanakumbuka pilau, na wanakumbuka hotuba ya mwalimu wetu anayestaafu. Wasichokumbuka, kwa sababu hawakukiona, ni mhazini wetu akiwa amesimama karibu na mlango wa jikoni saa nne usiku, ankara mkononi, akiisoma kwa mara ya tatu. Nilimfuata nikidhani wamekosea kuhesabu watu. Hapakuwa na kosa lolote. Tulikuwa 40 kama tulivyoahidi, na bei ilikuwa dola 42 kwa kila mtu kama ilivyoandikwa kwenye menyu ya karamu. Lakini chini kabisa ya ankara palisomeka dola 2,231.50.

Mfuko mzima wa karamu ulikuwa dola 2,000. Mhazini alikuwa amefanya hesabu ambayo yeyote kati yetu angeifanya: 42 mara 40 ni 1,680, zinabaki 320. Kwa baraka za kamati, akatumia 210 kati ya hizo kwa maua na zawadi ya mwalimu. Usiku ule alitoa kadi yake mwenyewe na kulipa yote, kama ilivyokuwa desturi yetu, kisha adai chama. Chama kilikuwa na 1,790 tu za kumrudishia. Dola 441.50 zilibaki shingoni mwake, na tuliomaliza kumchangia ni mwezi wa pili. Dada huyu ni mwanafunzi kama sisi na analipa kodi ya chumba kama sisi. Makala haya nimeyaandika kwa idhini yake, na kwa sehemu kwa sababu kuna walionong'ona kwamba hajui kuhesabu.

Hesabu anajua. Kilichompita ni alama mbili ndogo. Menyu ile haikuandika dola 42 peke yake, iliandika $42++. Alama hizo hutumika katika biashara ya karamu na kumbi, na kila moja ina maana yake: moja ni ada ya huduma na nyingine ni kodi. Sisi tuliokulia kwenye hoteli za Mombasa, ambako menyu nyingi huandika kwa chini kwamba VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii vimo ndani ya bei, tuliona urembo wa uandishi. Mmoja wetu kwenye kamati alidhani maana yake ni chakula bora zaidi.

Nianze na kodi, maana hiyo ndiyo nyepesi kueleweka. Kodi ya mauzo ya Marekani haiwekwi na serikali ya taifa. Huwekwa na majimbo, halafu miji na wilaya huongeza sehemu zao. Hapa jijini New York, chakula cha mgahawani hutozwa asilimia 8.875: asilimia 4 ya jimbo, asilimia 4.5 ya jiji, na 0.375 ya eneo la usafiri wa abiria. Ukivuka mto hadi New Jersey ni asilimia 6.625. Muuza duka huikusanya kwa niaba ya serikali, na sheria ya New York inamtaka aionyeshe peke yake kwenye risiti badala ya kuizika ndani ya bei. Ndiyo maana bei ya rafuni na bei ya kaunta hazifanani, na ndiyo maana pia mambo hubadilika kutoka kitu hadi kitu. Kaka mmoja wa chama alibishana nami wiki nzima kwamba hakuna kodi kwenye nguo, kwa kuwa alinunua koti la dola 100 na akalipa 100 kamili. Alikuwa sahihi kwa koti lile. Nguo ya chini ya dola 110 haitozwi hapa. Angechukua la 120 angelipa kodi ya dola zote 120.

Ada ya huduma ndiyo yenye mambo, na ndiyo iliyotuumiza. Kwenye ankara yetu ilikuwa asilimia 22, yaani dola 369.60. Sote tulidhani hiyo ndiyo bakshishi ya wahudumu. Lakini mhazini alipomshukuru kijana aliyetuhudumia meza za mbele na kumwambia kwamba wamepata kitu kizuri usiku ule, kijana alicheka kidogo.

"Hiyo si yetu, dada," alimwambia. "Hiyo ni ya nyumba. Sisi tunalipwa kwa saa."

Tulirudi kwenye mkataba. Kweli, haukuandika bakshishi wala ada ya huduma. Uliandika ada ya uendeshaji, na sentensi iliyofuata, yenye herufi za kawaida kabisa, ilisema kwamba ada hiyo si bakshishi na haigawiwi wafanyakazi. Mhazini alikuwa ameitia saini. Nami nilikuwa nimekaa kando yake.

Baadaye nilijifunza kwa nini sentensi ile iliwekwa. Sheria ya kazi ya jimbo la New York inamkataza mwajiri kuzuia bakshishi ya mfanyakazi, au pesa yoyote aliyotozwa mteja kwa jina la bakshishi. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ya jimbo, ambayo ndiyo ya juu kabisa hapa, iliamua kesi ya wahudumu waliokuwa wakifanya kazi kwenye meli za chakula cha jioni za kampuni ya World Yacht. Mahakama ilisema kwamba hata ada ya lazima inaweza kuwa bakshishi, ikiwa mwajiri alimwacha mteja aamini kwamba inakwenda kwa wahudumu. Kanuni za mishahara ya hoteli na migahawa zilizoanza kutumika mwaka 2011 zikaongeza kwamba ada yoyote inayowekwa juu ya bei ya chakula huhesabiwa kuwa bakshishi, mpaka mwajiri athibitishe vingine. Kwa hiyo mwenye ukumbi anayetaka kubaki nayo lazima amwambie mteja waziwazi kwamba si bakshishi, kwa maandishi yasiyopungua pointi 12. Sentensi tuliyoiruka ilikuwa imeandikwa kwa ajili yetu, na kwa ukubwa uliotakiwa.

Jina la ada hiyo linagusa mfuko kwa njia nyingine pia. Bakshishi ya lazima haitozwi kodi ya mauzo hapa New York ikiwa imetimiza masharti matatu: imeandikwa kwenye mstari wake peke yake, imeitwa bakshishi, na yote inakwenda kwa wafanyakazi. Ikikosa sharti moja, inakuwa sehemu ya bei na inatozwa kodi kama wali na kuku. Ada yetu ilikosa. Kwa hiyo 8.875 haikupigwa juu ya 1,680. Ilipigwa juu ya 1,680 pamoja na 369.60, yaani 2,049.60, na kodi ikawa dola 181.90. Kama ile asilimia 22 ingekuwa bakshishi halisi, kodi ingekuwa 149.10 na jumla 2,198.70. Tofauti ni dola 32.80, si nyingi, lakini ni kodi tuliyolipa juu ya ada ambayo mhudumu hakuiona. Na hapo ndipo anapokosea mtu anayejumlisha 22 na 8.875 akapata kama 31. Kwa ankara kama yetu nyongeza ni karibu asilimia 33, theluthi nzima ya bei iliyotangazwa.

Ungependa kujua kama mhazini alimpa kijana yule chochote? Alimpa. Alitoa dola 40 taslimu za mfukoni mwake, na hizo hakuziandika popote. Nimezijua kwa sababu nilikuwa pale.

Sasa nije kwenye jambo lililonikera kuliko yote, kwa sababu lilikuwa mikononi mwetu. Chuo chetu ni taasisi isiyo ya faida, na jimbo limekisamehe kodi ya mauzo. Chama kilichosajiliwa chini ya chuo kinaweza kunufaika na msamaha huo kwa kumpa muuzaji cheti kinachoitwa ST-119.1, ambacho ofisi ya shughuli za wanafunzi hukitoa bila malipo. Sharti kubwa ni kwamba mnunuzi awe chuo chenyewe. Ankara iandikwe kwa jina la chuo, na malipo yatoke moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo au kadi yake. Mwanafunzi akilipa kwa kadi yake halafu arudishiwe, mbele ya sheria mnunuzi ni yeye, na yeye hana msamaha. Hata akiwa na cheti mfukoni, hakimsaidii. Kwa hiyo ile desturi yetu ya "lipa kwanza, utarudishiwa" ndiyo iliyotugharimu 181.90. Tumeifuata kwa miaka, na sidhani ni karamu moja tu iliyolipiwa hivyo.

Mwaka huu kamati ilianza hesabu kutoka mwisho. Badala ya kuzidisha bei kwa idadi ya watu, tulichukua dola 2,000 tukazigawa. Kwa mkataba kama ule wa jana, bila msamaha, unagawa 2,000 kwa 1.22, kisha kwa 1.08875, kisha kwa watu 40, na unapata dola 37.64. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ya menyu tuliyoweza kuimudu, wala haikuwahi kuwa 42. Ukiwa na msamaha unaacha kugawa kwa 1.08875, na inapanda hadi 40.98. Kumbuka kwamba hapo hakuna maua wala zawadi.

Halafu tuliandika barua pepe moja kwa kumbi tatu, yenye maswali mawili. Jumla ya mwisho kwa watu 40 ni kiasi gani, tukilipa kupitia chuo kwa cheti cha ST-119.1? Na ile asilimia mnayoongeza, je, yote inakwenda kwa wahudumu? Ukumbi wa mwaka jana ulijibu kwa upole kwamba sasa ni $44++, ada ya uendeshaji ni ileile. Hata bila kodi hiyo ni dola 2,147.20. Wa pili haukujibu swali la pili, tukauacha. Wa tatu, mdogo kidogo na wenye meza ndefu badala ya za duara, ulijibu dola 40 kwa mtu na bakshishi ya asilimia 20, yote kwa wahudumu, na wakaliandika hilo kwenye mkataba. Hiyo ni 1,600 na 320, jumla 1,920. Kodi ingeongeza 142 na kutupita. Kwa cheti haipo.

Ofisi ya chuo imeshalipa amana. Zinabaki dola 80. Maua tumeyafuta, na zawadi ya mwalimu wa safari hii ni kanga ambayo mama wa mwanachama mmoja anakuja nayo kutoka Mombasa wiki ijayo.