Benki haijachukua shamba lako. Imechukua haki ya kuliuza. Uzi kuhusu chaji ya ardhi

Kila kampeni zikifika huku kwetu Mwala, kuanzia soko la Masii hadi Wamunyu, lazima mtu apande kwenye gari na kuapa kwamba akichaguliwa hakuna benki itauza shamba la mwananchi. Mpinzani wake naye anajibu: alikopa, alipe, akishindwa liuzwe, hakuna haja ya kelele. Watu wanapiga makofi kote kote. Nimesikiliza hizi hotuba miaka mingi na sijawahi kusikia hata mmoja akieleza kile karatasi yenyewe inasema. Wacha nijaribu. Uzi ni mrefu kidogo, vumilieni.

Tuanze na neno. Wengi tunasema rehani au mogeji. Kwa sheria ya Kenya ya sasa, yaani Sheria ya Ardhi ya 2012, kitu unachotia sahihi benki kinaitwa chaji. Sheria hiyo inasema wazi kwamba chaji ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Shamba linabaki kwa jina lako. Unalima, unavuna ndengu na maembe yako, unazika wazee wako hapo. Benki haina haki ya kukuambia upande nini.

Sasa benki imepata nini? Imepata mstari mmoja kwenye rejista ya ardhi pale Machakos. Rejista ya kila shamba ina sehemu tatu: ya kwanza inaeleza shamba, ya pili mwenyewe, na ya tatu, sehemu C, inaandikwa mizigo iliyo juu ya shamba. Chaji inaandikwa hapo. Ndiyo maana ukifanya sachi kabla ya kununua ploti, unaangalia C kwanza. Hati miliki kukaa kwenye sefu ya benki si jambo kubwa sana. Nguvu iko kwenye ule mstari.

Hii ni muhimu kwa wale wanaompelekea shailoki hati bila kusajili chochote. Sheria inaita hiyo chaji isiyo rasmi, na mwenye nayo hawezi kuuza wala kuingia shambani mpaka apate amri ya korti. Kwa hivyo yule anayekutisha ati kesho analeta mnunuzi, muulize amri iko wapi.

Benki yenye chaji iliyosajiliwa ni kitu kingine kabisa. Haihitaji korti. Narudia kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hupotezea shamba: watu wanakaa wakingoja kuitwa mahakamani, na hakuna siku watakayoitwa. Kinachokuja ni barua.

Tuchukue mfano, wa kubuni lakini unafanana na mengi. Mama mmoja wa Mbiuni ana ekari kadhaa kwa jina lake. Kijana wake anataka mkopo wa kununua matatu, hana ardhi, kwa hivyo Mwaitu anatoa hati yake. Mkopo ni wa kijana, shamba ni la mama. Hapo mama ameweka chaji kwa deni la mtu mwingine, na sheria inaruhusu.

Kabla chaji isimame kuna milango miwili. Shamba la kilimo huku kwetu linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na bila hiyo mpango wote ni batili. Tena kama ni nyumba ya ndoa, mume au mke anayeishi humo lazima atie sahihi au kuwe na ushahidi kwamba amekubali. Ukisikia chaji imefutwa kortini, mara nyingi ni mojawapo ya milango hii iliyorukwa. (Ukitia sahihi pia, soma kama chaji inadhamini mkopo huu mmoja au na mikopo mingine yoyote atakayochukua kijana baadaye. Karatasi nyingi zinasema yote, na Mwaitu haambiwi.)

Matatu inaharibika injini. Kijana anakosa malipo ya tarehe 5 Januari. Benki ifanye nini kesho yake? Kisheria, karibu hakuna. Kutolipa lazima kuendelee mwezi mzima kwanza.

Tarehe 10 Februari barua ya kwanza inafika. Lazima iseme umekosea nini, ni pesa ngapi ulete ili kurekebisha, na muda usiopungua miezi mitatu. Angalieni vizuri: ni pesa ya kurekebisha kosa. Mkilipa malimbikizo ndani ya huo muda, mambo yanarudi sawa. Barua iseme pia kwamba una haki ya kuomba nafuu kortini. Huu ndio muda wa thamani kuliko wote, na ndio unaopotea bure, kwa sababu kijana anamficha mama.

Miezi mitatu inaisha 10 Mei. Sasa benki ina njia kadhaa: kumshtaki mdaiwa kwa pesa, kuweka mtu wa kupokea mapato ya shamba, kulikodisha, kuingia kulimiliki kwa muda, au kuuza. Hizo nne za kwanza hutazisikia sana kijijini. Benki haitaki kulima mahindi. Inauza.

Lakini kuuza kunahitaji barua ya pili, notisi ya kuuza, na siku 40 zipite. Tuseme imefika 12 Mei. Siku 40 zinaisha 21 Juni. Nakala lazima ipewe pia mume au mke aliyetoa idhini, mpangaji, mmiliki mwenza, mdhamini, na ibandikwe mahali pa kuonekana shambani au karibu nalo. Ukiona karatasi kwenye mti wa lango, usiing'oe kwa hasira. Ipige picha na uandike tarehe.

Baada ya hapo dalali wa mnada anaingia na kanuni zake za 1997. Anatoa siku 45 za kukomboa. Akileta notisi 24 Juni, zinaisha 8 Agosti. Kisha anatangaza gazetini, na mnada hauwezi kuwa kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Tangazo likitoka 11 Agosti, mnada ni kuanzia 25 Agosti. Tangu malipo ya kwanza yakosekane ni miezi saba na zaidi. Kwa hivyo mwanasiasa akikuambia shamba liliuzwa usiku mmoja, ama barua zilirukwa, na hiyo ni kesi nzuri, ama zilifika na hakuna aliyezifungua.

Na hapo kwenye kufika ndipo pana shida yetu kubwa. Notisi hutumwa kwa posta, rejista, kwa anwani iliyo kwenye karatasi ya chaji. Mwaitu aliandika sanduku la shule ya msingi, kwa sababu ndilo sanduku pekee alilojua mwaka huo. Mwalimu mkuu amebadilishwa mara tatu. Barua iko huko. Benki ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha ilituma, lakini ikileta cheti cha posta chenye anwani uliyotoa wewe mwenyewe, utapata taabu kumshawishi jaji. Ukibadilisha anwani, ipelekee benki kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Wengine hukimbilia korti kuzuia mnada wakisema hesabu ya deni si sawa. Kubishana juu ya hesabu peke yake kwa kawaida hakuzuii mnada. Notisi isiyofika au yenye kasoro huweza kuuzuia. Lakini usishangilie sana, kwa sababu kasoro ya notisi haifuti deni. Benki inaanza barua upya. Umepata miezi, zitumie kutafuta pesa.

Kuhusu hesabu kuna kinga moja ambayo sijasikia ikitajwa jukwaani hata siku moja. Tangu 2007 Sheria ya Benki inaweka kikomo: mkopo ukishakuwa mbovu, benki haiwezi kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Kama msingi ulikuwa 900,000, riba ya kuanzia hapo ikomee 900,000, halafu gharama za kudai. Omba taarifa ya akaunti uone ile siku ni ipi.

Sasa bei, maana kilio kikubwa ni "wameuza kwa bei ya kutupa". Benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana, na lazima mthamini akadirie shamba kabla ya mnada. (Mthamini na mdhamini ni watu wawili. Mmoja anapima bei, mwingine analia nawe.) Atatoa bei ya soko na bei ya kuuza kwa haraka, ambayo mara nyingi ni karibu robo tatu ya ile ya kwanza. Si bahati mbaya: sheria inasema bei ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki inachukuliwa imevunja wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Shamba la Mwaitu likithaminiwa 3,000,000, bei yoyote isiyozidi 2,250,000 inaipa benki kazi ya kujieleza.

Mpaka nyundo ianguke, mama anaweza kulipa deni na gharama na kuchukua shamba lake, hata asubuhi ya mnada. Nyundo ikianguka, basi. Mnunuzi analindwa na sheria, na aliyeumizwa na mnada mbovu kwa kawaida anabaki kudai fidia ya pesa kutoka kwa benki. Ndiyo maana kwenda kwa wakili wiki moja baada ya mnada ni kama kufunga zizi ng'ombe wakiwa wameshafika Kibauni.

Tuseme limeuzwa 2,400,000. Deni ni 1,500,000, gharama za mnada 150,000. Zinabaki 750,000. Hizo si za benki, wala si za dalali, wala si za kijana. Ni za Mwaitu, mradi hakuna kodi ya ardhi inayodaiwa wala chaji ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Nimeona familia ambazo hazikuuliza kabisa, kwa sababu ziliamini benki ilichukua shamba na hadithi ikaishia hapo. Andikeni barua, mdai hesabu ya mauzo yote.

Na kama lingeuzwa 1,300,000? Bakaa inamfuata kijana, kwa sababu mkopo ni wake. Mama anafuatwa tu kama, siku ile ya kutoa hati, alitia sahihi karatasi nyingine ya udhamini, ile ya kurasa chache inayowekwa chini ya rundo. Nendeni mkaiangalie leo jioni kabla hamjajibu huu uzi.