Almasi ya duara, yai au tone: Ipi huonekana kubwa zaidi kidoleni?

Kajaga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nje kidogo ya Bujumbura, kijana mmoja mfanyabiashara anajiandaa kuchumbia. Kaka yake anayeishi Dubai amemtumia kwa simu picha za almasi tatu zenye bei zinazokaribiana. Moja ni ya duara, nyingine ina umbo la yai, na ya tatu ina umbo la tone la maji, ambalo wengine huliita umbo la pea. Mchumba ana vidole vifupi, na kijana anataka jiwe litakaloonekana kubwa bila kuongeza fedha. Pichani mawe yote yanalingana. Akikosea, akiba ya miaka miwili imekwenda, na jiwe lililokwishavuka mpaka si rahisi kulirudisha.

Wengi katika hali kama yake huuliza swali moja tu: ni karati ngapi? Swali hilo halitoshi, kwani karati ni kipimo cha uzito, si cha ukubwa. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Jiwe lililokatwa kwa kina kirefu huficha uzito wake chini, ndani ya pete, mahali ambapo jicho halifiki. Mnunuzi hulipia uzito huo lakini hauoni. Kinachoonekana ni uso wa juu, nao hupimwa kwa milimita.

Vipimo vya mawe matatu

Kijana huyo alimwomba kaka yake amtumie vipimo vilivyoandikwa kwenye vyeti vya mawe hayo: urefu, upana na kina. Jiwe la duara lina karati 0.90 na kipenyo cha milimita 6.2. La yai nalo lina karati 0.90, lakini urefu wake ni milimita 7.5 na upana 5.4. La tone lina karati 1.00, urefu wa milimita 7.4 na upana wa 5.6.

Ukikokotoa eneo la uso, duara lina takriban milimita 30 za mraba, yai karibu 32, na tone karibu 31. Hapa yapo mafunzo mawili. Kwanza, tone ndilo zito kuliko yote, lakini halilizidi yai kwa ukubwa. Sababu ni kina chake: milimita 3.9, yaani kama asilimia 70 ya upana. Kina cha yai ni asilimia 65 hivi. Uzito wa ziada wa tone umezama chini.

Pili, tofauti ya eneo baina ya duara na yai ni ndogo mno, haizidi milimita mbili za mraba. Hata hivyo, watu wengi wakiyatazama mawe hayo mawili watasema yai ni kubwa zaidi. Jicho halipimi eneo, hukimbilia urefu. Milimita 7.5 huonekana kubwa kuliko 6.2, hata pale upana unapopungua.

Kidole kifupi na kidole kirefu

Urefu huo huo ndio unaobadili sura ya kidole. Yai au tone likipachikwa kwa kufuata mwelekeo wa kidole, jicho huongozwa kutoka kwenye fundo kuelekea ukucha, na kidole kifupi huonekana kirefu. Tone huongeza athari hiyo iwapo ncha yake inaelekea ukuchani. Likigeuzwa, sehemu pana ikiwa mbele, faida hiyo hupungua.

Duara halina mwelekeo. Kwenye kidole kirefu na chembamba hukaa vizuri, kwa kuwa hapo hakuna haja ya kuongeza urefu. Kwa kidole kipana, tahadhari inahitajika: yai jembamba sana huacha ngozi nyingi wazi kulia na kushoto, na jiwe likaonekana dogo. Kidole cha namna hiyo hufaa yai lililonenepa kidogo, ambalo urefu wake ni kama mara moja na theluthi ya upana, badala ya mara moja na nusu.

Ipo njia rahisi ya kujaribu kabla ya kulipa. Chora kila umbo kwenye karatasi nyeupe kwa vipimo vyake halisi, likate kwa mkasi, kisha libandike kwenye kidole cha pete na ulitazame mkono ukiwa umenyooshwa. Kijana wa Kajaga alimpa kazi hiyo dada yake, ambaye vidole vyake vinafanana na vya mchumba. Duara lilikaa kama kifungo cha shati. Yai lilikinyoosha kidole.

Kwa nini duara hugharimu zaidi

Kwa uzito na ubora uleule, almasi ya duara kwa kawaida huwa ghali kuliko ya yai au ya tone. Mahitaji yake ni makubwa, na kuikata hupoteza sehemu kubwa ya jiwe ghafi. Mfano maarufu unatoka jirani, Tanzania. Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui mkoani Shinyanga, ilipatikana almasi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo alizawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilipokatwa kuwa duara, zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda na vumbi la mkataji.

Lakini duara hurudisha fadhila kwa mng'ao. Likikatwa vyema, hurejesha mwanga kwa usawa pande zote, na mng'ao huo husaidia kuficha rangi ya manjano hafifu. Yai na tone huweza kuonyesha rangi hiyo kwenye ncha zake.

Kasoro ambayo picha huificha

Yai na tone vina kasoro moja ya kuchunguzwa: kivuli cheusi kinachokatiza katikati ya jiwe, mfano wa kipepeo aliyekunjua mabawa. Hutokea pale pande za jiwe zinapoakisi kichwa cha mtazamaji badala ya mwanga. Kivuli hafifu ni cha kawaida. Kikiwa kizito, hugawa jiwe vipande viwili, na ule ukubwa ulioutafuta hupotea. Picha moja iliyopigwa chini ya taa kali za dukani haitoshi. Omba video ya jiwe likigeuzwa taratibu karibu na dirisha, mbali na taa hizo. Kivuli kinachokuja na kuondoka hakina neno. Kinachobaki kila upande jiwe linapogeuzwa ni sababu ya kulikataa.

Kwa tone, iangalie pia ncha. Ndiyo sehemu dhaifu, na huweza kumeguka ikigongwa kwenye sinki au mlango wa gari. Mwombe sonara aifunike kwa kishikizo chenye umbo la herufi V. Mabega mawili ya tone nayo lazima yalingane, na ncha iwe katikati. Kombo ndogo huonekana mara moja kidoleni.

Video ya yai ilipofika, kivuli kilionekana mara moja kisha kikayeyuka. Kijana alichagua yai hilo, akaomba lipachikwe kwenye pete nyembamba, kwa kuwa pete nene hulimeza jiwe. Karati kumi za mia za ziada zilizokuwa kwenye tone hakuzililia. Zilikuwa chini, ambako mchumba wake asingeziona kamwe.