Chekeche la namba tasa na visanduku bilioni 1

Kuanzia 2 hadi bilioni 1 kuna namba tasa 50,847,534. Kompyuta ya kawaida ya ofisini huweza kuzipata zote bila kutoka jasho. Lakini programu hiyohiyo, ikiandikwa ovyo kidogo tu, huganda au hukatika katikati kwa kukosa kumbukumbu. Fundi akiulizwa kisa, mara nyingi hulaumu mashine, ilhali kosa liko kwenye namna alivyopanga visanduku vyake.

Njia yenyewe ni ya kale. Inahusishwa na Eratosthene wa Kirene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, aliyesimamia maktaba ya Aleksandria katika karne ya 3 K.K. Alichofanya ni kuacha kuiuliza kila namba kama ni tasa. Badala yake unaziandika namba zote, kisha unafuta vigawe vya 2, vya 3, vya 5, na kuendelea. Zinazobaki kwenye chekeche ndizo tasa. Hakuna kugawanya hata mara moja. Ni kuhesabu kwa kuruka tu.

Ndani ya kompyuta hatuandiki namba zenyewe. Tunatengeneza safu ya visanduku, na kila kisanduku kinabeba jibu moja: ndiyo au siyo. Kisanduku cha 35 hakina 35 ndani yake. Namba inajulikana kwa nafasi yake kwenye safu. Mwanzoni vyote vinasema ndiyo, isipokuwa cha 0 na cha 1.

Tuchukue mpaka wa 121. Tunaanza na 2 na kufuta 4, 6, 8 hadi 120: namba 59 zimeondoka. Zamu ya 3 inaanzia 9, na mpya inazofuta ni 19, maana nyingine zilishafutwa na 2. Zamu ya 5 inaanzia 25, na mpya ni saba tu: 25, 35, 55, 65, 85, 95 na 115. Zamu ya 7 inapata nne: 49, 77, 91 na 119. Zamu ya 11 inapata moja, 121 yenyewe. Jumla zimefutwa 90 kati ya namba 120 zilizoanzia 2, zimebaki 30, na zote ni tasa.

Kwa nini tumeishia 11, wala hatukumgusa 13? Kipeuo cha pili cha 121 ni 11. Namba yoyote isiyo tasa ni zao la namba mbili kubwa kuliko 1. Kama zote mbili zingezidi 11, zao lao lingezidi 121 na kutoka nje ya safu yetu. Kwa hiyo lazima mojawapo iwe 11 au chini yake, na namba hiyo ina kigawo tasa ambacho zamu yake tumeshaipitia. Sababu hiyohiyo ndiyo inayotufanya tuanzie 25 kwa zamu ya 5: 10, 15 na 20 zina kigawo kidogo kuliko 5, zilishakwenda zamani.

Kwa lugha ya Python kazi nzima ni hii:

```python
from math import isqrt

def tasa(n):
    t = bytearray([1]) * (n + 1)
    t[0] = t[1] = 0
    for p in range(2, isqrt(n) + 1):
        if t[p]:
            for k in range(p * p, n + 1, p):
                t[k] = 0
    return t
```

Ile `+ 1` baada ya `isqrt(n)` ina kazi yake. Ukiisahau, kitanzi kinaishia kabla ya 11, na 121 inabaki ikijidai kuwa tasa. Ubaya wa kosa hili ni kwamba hujificha: ukijaribu mpaka wa 100 au 120 majibu yanatoka sawasawa. Linaonekana tu pale mpaka unapoangukia mraba wa namba tasa au, kwa baadhi ya namna za kulikosea, karibu nao. Kwa hiyo anayekagua programu ya aina hii ajaribu 121 na kutazama hesabu. Akiona 31 badala ya 30, ameshajua pa kutafuta.

Anayeupuuza mpaka wa kipeuo na kuzungusha `p` hadi mwisho wa safu hupata jibu sahihi kwenye Python, ila kazi nyingi ni ya bure. Kwenye C au Java, akitumia namba kamili za biti 32, anaweza kupata balaa. Namba kubwa inayoenea humo ni 2,147,483,647, na mraba wa 46,341 umeshaipita. Katika Java hesabu inageuka kuwa namba hasi, na programu inatafuta kisanduku ambacho hakipo. Angeishia kwenye kipeuo, hata kwa mpaka wa bilioni 1 asingevuka 31,622.

Sasa kumbukumbu. Ukitumia orodha ya kawaida ya Python iliyojaa `True`, kwenye mashine ya biti 64 kila nafasi inakula baiti 8, kwa sababu orodha inahifadhi anwani ya kitu, si kitu chenyewe. Bilioni 1 ni gigabaiti 8. `bytearray` inatumia baiti 1 kwa kila nafasi: gigabaiti 1. Ila ndiyo au siyo haihitaji baiti nzima. Biti 1 inatosha, na baiti ina biti 8. Ukizipanga hivyo, unashuka hadi megabaiti 125. Ukiziacha namba shufwa nje kabisa, maana katika hizo tasa ni 2 peke yake, zinabaki megabaiti 62.5. Nikomako wa Gerasa, ambaye ndiye aliyetuachia maelezo ya chekeche hili, alikuwa ameshaanza na namba witiri tu, kuanzia 3. Hakuwa na kumbukumbu ya kubana, lakini huenda mkono ulikuwa ukimchoka.

Kuna mtego mwingine, nao uko mwishoni. Programu hapo juu inarudisha safu, hairudishi orodha ya namba. Ukigeuza matokeo ya bilioni 1 kuwa orodha ya Python, kila namba inachukua baiti 28 pamoja na 8 za anwani, na orodha inapita gigabaiti 1.8: jibu limekuwa kubwa kuliko chekeche. Kama unachotaka ni idadi tu, `sum(t)` inatosha.

Na ukitaka kwenda mbali zaidi, kipeuo kinakuokoa mara ya pili. Kuchekecha hadi bilioni 1 kunahitaji tasa zisizozidi 31,622 tu, nazo ni 3,401. Ukiwa nazo, huna haja ya kuishika safu nzima kwa wakati mmoja. Unakata vipande, tuseme vya visanduku 32,768, unachekecha kimoja, unahesabu, kisha unatumia nafasi ileile kwa kinachofuata. Kipande cha 1,000,000 hadi 1,032,767 kinahitaji tasa zisizozidi 1,016, ambazo ni 170. Kwa 7, kigawe cha kwanza ndani yake ni 1,000,006, hivyo unaanza kufuta kisanduku cha 6 na kuruka saba saba. Hata kikiwa cha baiti moja kwa kila namba, kipande hiki kina kilobaiti 32, kiasi ambacho mara nyingi huenea katika kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ndiyo maana kuchekecha kwa vipande, pamoja na hesabu za ziada za kutafuta pa kuanzia, kwa kawaida humaliza mapema kuliko kuishika safu nzima.